SHULE ikiwa FNXLX: namna ya kuifukua kanuni kwenye maswali ya herufi na alama za siri

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeitwa usaili wa mchujo na nakwama kwenye maswali ya herufi za siri. Mfano: "SHULE inaandikwa FNXLX, KITABU itaandikwaje?" Zile za kuongeza namba moja kwa herufi zote nazipata, ila hii nimekaa nayo jioni nzima. Na zile za sentensi zenye alama kama @ na # huwa nakisia tu. Kanuni iliyojificha inatafutwaje?

Jibu: Marahaba. Swali ulilokwama nalo lina mambo mawili ndani yake: herufi zimehamishwa, na pia zimepangwa upya. Anayetafuta jambo moja peke yake anaweza kulitazama hadi kesho. Ila lina dalili za kutosha za kukufikisha, mradi ugeuze herufi kuwa namba kabla hujaanza kuwaza lolote. Jicho halioni umbali kati ya H na N. Linaona maumbo mawili tu. Namba 8 na 14 ndizo zinazosema umbali ni sita.

Kwa hiyo ukishakaa kwenye kiti cha mtihani, kabla ya kusoma swali la kwanza la aina hii, chora jedwali hili pembeni mwa karatasi yako:

```
 1  2  3  4  5  6  7  8  9 10 11 12 13
 A  B  C  D  E  F  G  H  I  J  K  L  M
 Z  Y  X  W  V  U  T  S  R  Q  P  O  N
26 25 24 23 22 21 20 19 18 17 16 15 14
```

Mstari wa pili wa herufi unarudi nyuma makusudi. Kila herufi inakaa uso kwa uso na mwenzake wa upande wa pili wa alfabeti, na namba zao kila mara zinatoa jumla ya 27. Tutaihitaji hiyo baadaye. Ukipenda kukariri nguzo chache, chukua E, J, O, T, Y: ni 5, 10, 15, 20 na 25, na herufi nyingine yoyote, ukiacha A na B za mwanzo, iko hatua moja au mbili tu kutoka kwa mojawapo ya hizo.

Hapo kwenye jedwali kuna mtego unaotupata sisi tuliosomea Kiswahili. Alfabeti tuliyoimbishwa darasa la kwanza haina Q wala X. Mtihani unatumia herufi zote 26. Ukihesabu kwa kuimba kimoyomoyo, R inakuwa ya 17 badala ya 18, na baada ya W unakuwa umeachwa nyuma kwa mbili. Dalili yake inajulikana. Chukua NDOTO iliyoandikwa RHSXS. Kanuni ni kuongeza nne kila mahali, lakini anayeruka Q atapata tatu kwa N, nne kwa D, tatu kwa O, kisha atakutana na X asijue aiweke wapi. Atadhani kanuni ni ngumu, inapishanisha tatu na nne, kumbe kanuni ni nyepesi na kasoro iko kwenye kuhesabu. Kila ukiona hatua zinatofautiana kwa moja tu, na zinaharibika pale safari ya herufi inapovuka P, hesabu upya kwa jedwali.

Sasa swali lako. Andika neno, andika msimbo wake chini yake, weka namba:

```
 S   H   U   L   E
19   8  21  12   5
 F   N   X   L   X
 6  14  24  12  24
```

Toa namba ya juu kwenye namba ya chini. S hadi F ni kutoa 13. H hadi N ni kuongeza 6. U hadi X ni kuongeza 3. L imebaki L, yaani sifuri. E hadi X ni kuongeza 19. Una −13, +6, +3, 0, +19. Hakuna mpangilio hapo, na hapa ndipo watu wengi huanza kubuni kanuni za ajabu ili tu hizo namba zipate maana. Usibuni. Hatua zikivurugika kiasi hiki, mara nyingi maana yake ni kwamba unalinganisha herufi zisizo wenza. Acha kulinganisha kwanza, uliza mambo mawili ambayo hayahitaji kujua nani ni mwenza wa nani.

La kwanza ni marudio. Tazama neno: S, H, U, L, E, hakuna herufi iliyojirudia. Tazama msimbo: X ipo mara mbili. Kama kila herufi ingehamishwa kwa kiasi kimoja, herufi tano tofauti zingezaa herufi tano tofauti, hata zikichanganywa vipi. X mbili zinakuambia kwamba herufi mbili tofauti zimehamishwa kwa viasi tofauti zikaangukia mahali pamoja. Kwa kulitazama tu neno, bila hesabu yoyote, umeshaiondoa ile kanuni uliyoizoea ya namba moja kwa wote. Na kinyume chake pia ni kweli: ukipewa neno kama BABA na msimbo wake una herufi mbili kila moja ikitokea mara mbili, una sababu nzuri ya kuanza na kanuni ya kiasi kimoja.

La pili ni jumla, na hili ningependa ulishike kuliko yote nitakayokuandikia. Jumlisha namba za neno: 19 + 8 + 21 + 12 + 5 = 65. Jumlisha namba za msimbo: 6 + 14 + 24 + 12 + 24 = 80. Tofauti ni 15. Uzuri wa namba hii ni kwamba mpangilio hauigusi. Mtunzi anaweza kuligeuza neno nyuma mbele, kulikata nusu, kubadilishana jirani kwa jirani. Jumla ya namba inabaki ileile, kwa sababu kupanga upya hakuongezi wala kupunguza kitu. Kinachobadilisha jumla ni kuhamisha peke yake. Kwa hiyo 15 ni jumla ya hatua zote tano, vyovyote zilivyopangwa.

Hatua tano zenye jumla ya 15 zinaweza kuwa nini? La haraka ni tatu kila moja, lakini tumeshaliondoa kwa ile X iliyojirudia. Linalofuata kwa urahisi ni 1 + 2 + 3 + 4 + 5. Bado si uthibitisho. Zipo namba nyingine tano zinazotoa 15. Lakini sasa unajua unachotafuta, na unarudi kwenye herufi ukiwa na dhana moja ya kuijaribu.

Hatua inayokua kutoka moja inataka mtu fulani aliyeongezwa moja. F ya mwanzo wa msimbo imetoka kwa nani? Iliyo nyuma yake kwa moja ni E, na E ndiyo herufi ya mwisho ya SHULE. Hapo neno limesomwa kutoka mwisho. Jaribu lote: E hadi F ni moja, L hadi N ni mbili, U hadi X ni tatu, H hadi L ni nne, S hadi X ni tano. Kila herufi imeelezwa, hakuna iliyobaki. Na ile L iliyoonekana kama haijaguswa ilikuwa bahati tu: H iliongezwa nne ikafika pale palipokuwa na L.

Rudi utazame U katikati. Tangu mwanzo tulipata +3 kwake, na +3 ikabaki sahihi hadi mwisho. Neno lenye herufi tano likigeuzwa, herufi ya tatu haihami. Kwa hiyo kwenye neno lenye herufi tatu, tano au saba, hatua ya herufi ya kati ndiyo ya kuaminika zaidi pale unaposhuku neno limegeuzwa. Kama hatua nyingine zote ni fujo na ya kati ni namba ndogo safi, hiyo ni dalili.

KITABU sasa ni kazi ya mkono. Geuza: U, B, A, T, I, K. Ongeza 1 hadi 6: 21 inakuwa 22, 2 inakuwa 4, 1 inakuwa 4, 20 inakuwa 24, 9 inakuwa 14, 11 inakuwa 17. Jibu ni VDDXNQ. Ina X na Q zote mbili, zile herufi za mtego. Lihakiki kwa jumla: KITABU ni 64, VDDXNQ ni 85, tofauti ni 21, na 1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 ni 21. Hesabu hii ya mwisho inakuokoa pia pale machaguo manne yanapofanana sana na kutofautiana kwa herufi moja, kwa maana chaguo lenye kosa la herufi moja halitatoa 21.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye jumla, nalo ni kuzunguka. Herufi ikipita Z inaanza tena A. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kwamba Julius Kaisari aliandika barua zake za siri kwa kuweka D mahali pa A, na herufi nyingine vivyo hivyo, yaani hatua tatu. Kwa kanuni hiyo KAZI inakuwa NDCL: Z ni 26, ukiongeza tatu ni 29, toa 26 ubaki na 3, ambayo ni C. Ukitoa moja kwa moja utaandika −23 na kushtuka. Zoea kwamba −23 na +3 ni kitu kimoja, na −13 na +13 vilevile. Hatua yoyote inaweza kuongezewa au kupunguziwa 26 bila kubadilika maana. Hata jumla ni hivyohivyo. Ukipata jumla ya ajabu kama −11, ongeza 26 uone 15.

Wakati mwingine swali linakuja kinyume: wanakupa msimbo, wanataka neno. Hapo wanaojua kanuni kabisa bado hukosa, kwa sababu wanafungua kwa mpangilio uleule wa kufunga. Tuseme kwa kanuni hii ya SHULE umepewa BVRCS. Aliyeandika aligeuza kwanza, akaongeza baadaye. Wewe utaanza na lile la mwisho: punguza kwanza, geuza baadaye. B kutoa 1 ni A, V kutoa 2 ni T, R kutoa 3 ni O, C kutoa 4 inazunguka hadi Y, S kutoa 5 ni N. Una ATOYN, geuza, ni NYOTA. Anayegeuza kwanza atapata SCRVB, apunguze, aambulie RAORW, kisha alaumu kanuni ambayo haina kosa.

Nije kwenye jambo linalowasumbua hata wazuri, nalo ni pale mfano mmoja unapokubali kanuni mbili. Tazama: KITABU inaandikwa LKUCCW. Ukitoa namba unapata +1, +2, +1, +2, +1, +2. Safi kabisa. Wengi wataandika "moja, mbili, moja, mbili" na kusonga mbele. Lakini tazama herufi zilizoongezwa moja: K, T, B. Zilizoongezwa mbili: I, A, U. Konsonanti moja, irabu mbili. Kanuni ipi ni ya kweli, ya nafasi au ya aina ya herufi? Kwa neno hili haiwezekani kujua. Maneno ya Kiswahili mengi yanapishanisha konsonanti na irabu, kwa hiyo mtunzi akitumia neno la Kiswahili kama mfano, kanuni hizi mbili zinajificha moja nyuma ya nyingine. Nimeona mtego huu mara nyingi zaidi kwenye maswali yaliyotungwa kwa maneno yetu kuliko yale ya Kiingereza.

Ukiulizwa MTIHANI, kanuni ya nafasi inatoa NVJJBPJ. Kanuni ya irabu na konsonanti inatoa NUKICOK. Majibu hayo mawili yako mbali kabisa, na mtunzi mjanja ataweka yote mawili kwenye machaguo.

Mtunzi mwadilifu atakupa mfano wa pili, na hapo usianze kuuhesabu wote kuanzia mwanzo. Tafuta mahali ambapo kanuni zako mbili zinasema mambo tofauti, utazame hapo tu. Tuseme mfano wa pili ni NDEGE inaandikwa OEGHG. N ya kwanza haina faida, kanuni zote mbili zinaipa moja. Ya pili, D, ndiyo shahidi: iko kwenye nafasi ya kuongezwa mbili, lakini ni konsonanti, ya kuongezwa moja. Kwenye msimbo imekuwa E, yaani moja. Kanuni ya nafasi imekufa kwa herufi moja, na jibu la MTIHANI ni NUKICOK. Malizia herufi zilizobaki kwa uhakiki: E hadi G mbili, G hadi H moja, E hadi G mbili. Zimekaa.

Kwa hiyo mfano wa pili unapokuja, heri yako ni pale penye konsonanti mbili zinazofuatana, kama nd, sh, mt, ng, au irabu mbili kama kwenye "kaa" na "paa". Hapo ndipo kupishana kunapovunjika. Kama umepewa mfano mmoja tu na kanuni zote mbili zinakubali, angalia machaguo. Mara nyingi moja tu kati ya majibu yako mawili litakuwepo, na hilo limeshaamua. Yakiwepo yote mawili bila mfano wa pili, swali lenyewe lina kasoro. Mimi ningechagua la nafasi, kwa kuwa ndiyo kanuni inayotumika zaidi, nikasonga mbele bila kupoteza dakika nyingine.

Kanuni ya kioo nitaipitia haraka kwa sababu jedwali lako limeshaifanya kazi yote. SAFARI inaandikwa HZUZIR. Hatua ni fujo tupu: −11, +25, +15, +25, −9, +9. Lakini tazama kwamba A imekuwa Z mara zote mbili, R imekuwa I, na I imekuwa R. Herufi mbili zinazobadilishana nafasi hivyo ni dalili ya kioo. Jumlisha badala ya kutoa: 19 na 8 ni 27, 1 na 26 ni 27, na kuendelea. Kwenye jedwali, kila herufi inachukua ile iliyo chini au juu yake. Ni mbinu ya kale sana. Katika Yeremia 25:26 kuna "mfalme wa Sheshaki", na wafasiri wa Biblia wanaeleza kwamba Sheshaki ni Babeli iliyoandikwa kwa kugeuza alfabeti ya Kiebrania kwa namna hiihii. Kwa hiyo hatua zikikataa, kabla hujaanza kupanga upya, jaribu jumla ya 27 kwa herufi mbili tu. Inachukua sekunde chache.

Sasa alama. Hapa sahau alfabeti kabisa. Alama @ haina namba, haiko kabla wala baada ya #. Anayetafuta "umbali" kati ya alama anapoteza muda. Kinachofanya kazi ni kulinganisha: neno linalopatikana kwenye sentensi mbili litakuwa na alama inayopatikana kwenye misimbo yote miwili. Chukua hizi:

```
mama anapika wali      @ 5 #
mama analima shamba    % @ 8
baba anapika ugali     # & 2
```

Wanauliza "wali" ni alama gani. Anayekisia husoma mstari wa kwanza kwa mpangilio: mama ni @, anapika ni 5, wali ni #. Inaonekana ya kawaida, na # hakika itakuwepo kwenye machaguo. Lakini tazama sentensi ya kwanza na ya pili: neno la pamoja ni "mama", alama ya pamoja ni @. Kwenye mstari wa kwanza @ iko mwanzo, kwenye wa pili iko katikati, ilhali "mama" iko mwanzo mara zote mbili. Hapo hapo umejua kwamba alama zimechanganywa na mpangilio wake hauna maana yoyote. Kisha sentensi ya kwanza na ya tatu: neno la pamoja ni "anapika", alama ya pamoja ni #. Zikiondolewa @ na # kwenye mstari wa kwanza, inabaki 5. Wali ni 5.

Mkononi fanya hivi: ukishajua jozi, kata neno na alama yake kila mahali vinapotokea kwenye mistari yote. Karatasi inajisafisha yenyewe, na mara nyingi jibu linabaki peke yake kabla hujaliuliza.

Halafu kuna swali la pili ambalo hufuata kwenye mfano huohuo: "baba" ni alama gani? Ukisha­kata #, kwenye mstari wa tatu zinabaki & na 2 kwa maneno mawili, "baba" na "ugali", na hakuna sentensi nyingine yenye lolote kati ya hayo. Jibu ni kwamba haiwezi kujulikana. Usiogope kulichagua likiwepo. Watu hulikimbia wakidhani wamekosa kitu, lakini hapa una sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole: maneno mawili, alama mbili, hakuna shahidi wa tatu. Wakiuliza kwa namna nyingine, "ipi kati ya hizi *inaweza* kuwa baba analima", basi tafuta chaguo lenye moja kati ya & na 2, pamoja na moja kati ya % na 8. Chaguo lolote lenye @ au # linatoka mara moja.

Aina nyingine ya alama ni ile ya herufi kwa herufi, ambapo mpangilio unaheshimiwa: MAJI ni %@4#, JIKO ni 4#7&. Uthibitisho kwamba mpangilio umeheshimiwa ni ile "JI" iliyo mwisho wa neno la kwanza na mwanzo wa neno la pili, na misimbo yote miwili ina 4# mahali palepale. Ukishahakikisha hivyo, MOJA ni kunakili tu: %&4@. Kwenye mitihani ya benki wanaongeza masharti, kwa mfano "herufi ya kwanza na ya mwisho zikiwa irabu, zote zichukue alama ya ile ya mwisho". Hapo soma masharti yote, kisha angalia herufi mbili za pembeni za neno ulilopewa kabla ya kuandika alama hata moja. Tuseme A ni @, S ni *, K ni 7, R ni 9, I ni #. ASKARI kwa kawaida ingekuwa @*7@9#. Pembeni kuna A na I, irabu zote mbili, sharti limetimia, kwa hiyo A ya mwanzo inachukua #: #*7@9#. A ya katikati inabaki @, kwa sababu sharti linahusu nafasi ya pembeni. Wengi hubadilisha A zote mbili.

Nimekuwekea moja la kufanyia kazi kabla ya usaili: RAFIKI inaandikwa HCTKMK, MCHELE itaandikwaje? Anza na marudio, yaani I mbili kwenye neno na K mbili kwenye msimbo. Nenda kwenye jumla: 54 na 66. Gawa ile tofauti kwa herufi sita kabla hujalinganisha chochote. Kisha tazama kwa nini nusu ya pili ya neno inakubali mara moja na nusu ya kwanza inagoma, huku A iliyo katikati ya nusu hiyo ikiwa imetulia. Jibu ni JEOGNG. Ukipata tofauti, niandikie hatua zako zote jinsi ulivyozipanga, nione ni wapi zilipoachana na zangu.